Bei moja ya pakacha, mavuno yasiyo mamoja

"Nina shamba dogo Bambi, Unguja, na nataka kuwapelekea watu wa mjini pakacha la mboga kila wiki. Niweke bei moja, au bei ifuate mavuno?"

Naona bei moja inafaa, ila kwa sharti ambalo wakulima wengi hulisahau. Tuseme pakacha ni shilingi 15,000 kwa msimu wa wiki 13. Katika wiki 5 za neema, vilivyomo vingenunuliwa sokoni Mwanakwerekwe kwa 19,000. Katika wiki 4 za kawaida, kwa 15,000. Na katika wiki 4 za mvua kubwa, kwa 10,000 tu. Ukijumlisha unapata 195,000, sawasawa na alicholipa mteja, kwa hiyo hakuna aliyedhulumiwa.

Tatizo ni kwamba mteja hahesabu msimu, anahesabu pakacha lililo mbele yake. Masika yakishika, mchicha hurushiwa tope na kuoza majani, tungule hupasuka na kupata ukungu, na linalofika mlangoni ni kisamvu, muhogo na ndimu chache. Wiki hizo zikitangulia, atajitoa kabla ya kuziona wiki za neema. Ndiyo maana ningeanza msimu wa kwanza Juni, mvua zikiwa zimekatika na kusi limeleta ubaridi unaozifaa mboga, ili atakapofika kwenye upungufu wa msimu wa mvua awe ameshaonja wingi.

Anayetetea bei inayofuata mavuno ana hoja nzito: mteja hulipa thamani ya alichopata, na hapana manung'uniko. Lakini bei hiyo humshusha mkulima wakati uleule shamba linapomtupa, na petroli ya pampu ya kiangazi au mbegu za msimu ujao hazimsubiri.

Sharti lenyewe ni idadi ya wateja. Shamba likitoa mapakacha 20 wiki nzuri na 12 wiki mbaya, andikisha 13 au 14, na ziada upeleke sokoni. Ukiandikisha 20, utashawishika kujaziliza kwa tungule za bara zilizokwisha kupanda bei; pengo la 5,000 kwa kila pakacha ni 100,000 kati ya 300,000 ulizokusanya wiki hiyo, na hapo umeshakuwa mchuuzi. (Mwenye jicho ataitambua tungule iliyosafiri, kwani huwa ngumu na imekomaa nusunusu.)

Mtihani mkubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni Ramadhani, wakati muhogo, majimbi na ndizi za futari hupanda bei na mkulima akatamani kuyapunguza mapakacha ili auze sokoni. Mteja aliyelipa 15,000 kwa pakacha la 10,000 bila kulalamika hatalielewa hilo. Kama unajua hutaweza kujizuia, mwambie siku ya kujiandikisha kwamba vyakula vya futari vitauzwa mbali na pakacha, kwa bei ya siku hiyo.