Dola 10 zinazogeuka njiani

Bei ya huduma ninayolipia mtandaoni kwa kadi imeandikwa dola 10 kwa mwezi. Kwa kiwango cha Benki Kuu, shilingi 129 kwa dola, nilitarajia kukatwa 1,290. Ujumbe wa benki ukaingia: 1,566! Inakera jamani. Kwanza VAT ya Kenya, asilimia 16, inajitokeza mwishoni kabisa, ukishajaza namba ya kadi: dola 11.60. Kodi ni sheria, sibishani, lakini iwekwe pale pale kwenye bei. Benki ndiyo imeniudhi zaidi. Imeniuzia dola kwa 135, na ile nyongeza ya shilingi sita huioni popote kwenye taarifa ya akaunti. Imefichwa ndani ya kiwango. Mpaka ugawanye mwenyewe 1,566 kwa 11.60 ndipo uijue. Waiandike kwa mstari wake, kama ada nyingine!