Shule ya Kiswahili isimpokee mtoto wetu kama mtalii

Wiki iliyopita mteja mmoja kanitumia michoro mitatu ya logo aliyochorewa na dizaina wake, akaniomba nichague mmoja niumalizie. Ana shule ya Kiswahili, anafundisha kwa video, na wanafunzi wake ni wa aina mbili, wageni wanaokuja kufanya kazi huku kwetu, na watoto wetu waliozaliwa ughaibuni. Mchoro wa kwanza simba. Wa pili mgunga na jua linazama. Wa tatu twiga kakunjwa shingo mpaka akawa herufi S. Na chini ya yote mitatu pameandikwa "Jambo!"

Niliziangalia nikaumia kabisa, na nitawaambia kwanini.

Miaka miwili iliyopita kaka yangu alimleta binti yake nyumbani kutoka Amerika, mtoto wa miaka minane, mara ya kwanza kumwona bibi yake. Mama alishinda jikoni siku nzima. Mtoto kashuka kwenye gari, kakimbia mpaka kwa bibi, akasema kwa sauti na furaha zote alizonazo "Jambo bibi!" maana ndo alivyofundishwa kwenye darasa la mtandaoni ambalo baba yake alikuwa analilipia. Mama akamkumbatia, akambusu, hakusema kitu. Usiku tukiwa wawili akaniuliza, hivi huyu mtoto nani kamfundisha kunisalimia kama anasalimia mtu wa hotelini? Alikuwa anasubiri shikamoo yake. Alikuwa anaisubiri tangu mtoto anazaliwa, na marahaba ilikuwa tayari mdomoni.

Mtoto hana kosa hata kidogo. Ila kila nikiona logo ya shule ya Kiswahili imeanza na "Jambo" namkumbuka mama yangu, kwasababu mwonekano wa shule ndo somo la kwanza, mwanafunzi anauona kabla hajamwona mwalimu. Simba na mgunga vinamwambia mgeni kwamba hii ni lugha ya mbugani, sawa, mgeni atarekebishwa mbele ya safari. Lakini mtoto wetu vinamwambia kwamba lugha ya bibi yake ni kitu cha kwenda kutembelea na kupiga picha. Bibi yake anakaa Tanga mjini, simba hajawahi kumwona.

Sasa nimwambie nini mteja, maana kukataa ni rahisi, anataka kitu cha kuweka mahali pake. Mimi kipimo changu ni kimoja, chukua neno unalotaka kuweka kwenye logo, lisome kwa sauti kwa mtu mzima anayeongea Kiswahili tangu utotoni, halafu usikilize kama ataitikia. Maana Kiswahili chetu kina mlolongo mzima wa maneno ambayo hayajakamilika mpaka mwenzio ajibu. Hujambo, sijambo. Shikamoo, marahaba. Kitendawili, tega. Paukwa, pakawa. "Jambo" lile la fulana ukimsomea mama yangu atakuangalia tu.

(Nakiri kitu hapa, na nakiri kwa shingo upande. Ukienda Goma au Bukavu watu wanasalimiana jambo kabisa, wenyewe kwa wenyewe, wala hakuna mtalii hapo. Kwahiyo shule ikiwa ya Wakongo kwa watoto wa Kikongo mimi sina neno. Huyu mteja wangu sio.)

Neno nililompelekea mimi ni Hodi. Fikiria hodi inavyofanya kazi, mtu yuko nje, hajaonekana, anatoa sauti, na mwenye nyumba anajibu karibu kutoka ndani hata kabla hajajua ni nani. Ukipiga mara tatu kimya, unaondoka, huo ndo ustaarabu. Mtu anayeanza kujifunza lugha ya watu yuko hapohapo, nje ya mlango, anaomba kuingia. Kwahiyo shule inaitwa Hodi, na popote jina linapoandikwa jibu lake liwe karibu yake, kitufe cha kujiandikisha kiseme "Karibu", barua pepe ya kwanza ianze na "Karibu ndani". Mgeni akijua hayo maneno mawili tu, siku anafika kwenye nyumba ya mtu Unguja au Kigoma ana kitu cha kusema mlangoni, na atajibiwa.

Halafu ukishapata hodi, nyumba nzima inakuja yenyewe. Madarasa ambayo wao waliyaita Levo 1 mpaka Levo 4 mimi nimeyaita Mlangoni, Barazani, Sebuleni, Jikoni. Kila mtu kwetu anajua tofauti, baraza ni ya yeyote anayepita, sebuleni unakaribishwa, ila jikoni haingii mtu mpaka awe wa nyumbani. Na angalia hayo majina manne, yote yana -ni mwishoni. Hiyo -ni ya mahali, pamoja na ndugu zake pa, ku na mu, inawasumbua sana wageni, wanaimeza kama kidonge wakifika mwezi wa tatu. Hapa mwanafunzi anaitumia kuanzia siku ya kwanza bila kujua, "niko barazani", "mwakani nataka niwe jikoni". Somo limeshaingia na hajafungua kitabu.

Sasa mtoto wetu ndo aliyenifanya nisilale. Huyu sio mgeni, ukimwambia lete maji analeta, kaoge anaenda huku ananuna, acha kelele anaacha. Anasikia vizuri tu, ila akijibu anajibu kwa Kiingereza au Kinorwe. Ukimweka Mlangoni pamoja na mtu ambaye hajawahi kusikia Kiswahili maishani, aanze "jina langu ni", unamtukana, na baada ya wiki mbili anamwambia mama yake hataki tena. Ukimpeleka juu kwasababu anaelewa, anaulizwa aongee, anajiona mjinga, nako anaacha. Ndo maana kwenye mchoro wangu nyumba ina milango miwili. Mgeni anapita wa mbele. Mtoto wa nyumbani anapita mlango wa uani, kama watoto wote wanavyopita, bila hodi, na darasa lake linaitwa Uani. Na fomu yake haimuulizi "unajua Kiswahili kiasi gani?", inamuuliza "nyumbani mama au bibi akikuita anakuitaje?" na jaribio lake ni la kusikiliza kwanza, kuongea baadaye.

Rangi sitaki kuongea sana, yoyote isomeke. Ila kanga naomba niiseme. Dizaina yule alileta mchoro wa nne baada ya mimi kulalamika, akachukua pindo la kanga akaizungushia logo, kapendeza kweli, lakini jina la kanga, yale maneno ya chini, kalifuta. Jamani! Kanga ina pindo, ina mji, ina jina, na jina ndo sehemu pekee yenye Kiswahili, ndo mwanamke anayoichagulia dukani na ndo anayomtumia mtu ujumbe. Shule ya lugha inachukua maua inaacha maneno. Kama ni kanga basi iwe na sentensi yake hapo chini, kwa herufi kubwa, ndani ya kiboksi chake, la sivyo iache.

Mwenyewe mteja alikuwa na jina lake analipenda, Ng'ambo. Nikakaa nalo siku mbili kwasababu ni zuri sana, ni kule waliko watoto, na kwa mtu wa Unguja ni upande wa pili wa mji, ng'ambo ya Mji Mkongwe. Lakini tukalijaribu kwenye kazi. Anwani ya tovuti inakubali herufi, tarakimu na kistari tu, kwahiyo kile kialama juu kinaondoka inabaki ngambo, na ngambo inasomwa na ile ng ya ngoma, sio ya ng'ombe. Hashitegi nayo ikifika kwenye kialama inakatika, #Ng'ambo inabaki #Ng peke yake. Na kwenye mchoro wa jaribio dizaina alikiweka kialama kinaangalia kushoto kama sita ndogo, wakati kinatakiwa kuwa kama tisa ndogo. Shule ambayo itamfundisha mgeni kwamba ng na ng' ni sauti mbili tofauti haiwezi kuanza kwa kulikosea jina lake kila inapoliandika mtandaoni. Tukaliacha, na sio kwa furaha.

Kwenye fonti nilimwambia kitu kimoja, angalia a. Kiswahili kinajaa a kuliko kitu chochote, neno "wanakaribishwa" peke yake linazo nne, kwahiyo a ikiwa mbaya ukurasa mzima ni mbaya. Na kwa kuwa nusu ya wanafunzi ni watoto, nikachagua fonti ambayo a yake ni kiduara na kijiti pembeni, kama mtoto anavyoiandika kwa mkono, sio ile yenye ndoano kichwani.

Kaulimbiu yao ya "Kiswahili Sahihi" nimeifuta bila kuomba ruhusa. Fundisheni Kiswahili sanifu, ni vizuri, mitihani ipo na vitabu vipo. Ila kuna mtoto ambaye mama yake ni wa Lubumbashi au wa Bujumbura, akiiona hiyo kila siku juu ya skrini anaelewa kwamba mama yake anaongea makosa. Mtoto akishamwonea aibu mama yake hatuna tena cha kumfundisha.

Na usajili wa jina na logo, kwa ufupi, maana wengi wanajisahau, Bara wakala wa usajili wa biashara ni BRELA, Zanzibar ina wakala wake, BPRA, ukisajili upande mmoja upande wa pili hujalindwa. Kwanza watafute kama kuna mwingine anatumia Hodi kwenye elimu. Na nilimsihi asajili mwandiko na mchoro, asijaribu kulimiliki neno lenyewe. Disney walisajili "Hakuna Matata" kule Marekani kwa ajili ya fulana, ikapita mwaka 2003, na watu walipokuja kugundua 2018 walikasirika sana, na walikuwa na haki ya kukasirika. Hodi ni ya kila mlango.

Mteja kakubali karibu yote. Tunachobishania mpaka leo ni kile kitufe, yeye anataka kiseme "Karibu" kwa wote, mimi nasema mzazi akiandikisha watoto watatu kwa pamoja lazima kiseme "Karibuni". Fundi wa tovuti anadai ni kazi ya siku mbili. Nimemwambia nasubiri hizo siku mbili.