Nani kafa saa tisa usiku?

Wateja walipopungua nilikaa nikaandika tangazo la kujinadi kama mfasiri kwenye mtandao wa kikazi, Kiswahili juu, Kiingereza chini. Nikataja ninayoyajua: utalii na vipeperushi vya afya. Mikataba nikasema wazi siipokei. Muda je? Maneno 2,000, kazi inakabidhiwa kesho yake saa 3 asubuhi, kwa saa za Zanzibar.

Sampuli niliitunga mwenyewe, maana kazi ya mteja ni siri yake, haianikwi. Nikaweka tangazo la boti, 7:00 a.m. upande mmoja, saa 1:00 asubuhi upande wa pili. Chini yake nikajigamba kwamba hapa ndipo wafasiri wa kubahatisha wanapowakosesha abiria boti.

Kabla ya kulirusha nikalipitisha kwenye programu ya kutafsiria, ile inayokagua namba. Kwenye boti ikaweka alama nyekundu: 7 na 1 hazilingani. Nikacheka, mashine itajua wapi saa ya Kiswahili. Kwingine kote ikanyamaza, nami nikauamini ukimya wake.

Siku ya pili tu mama mmoja wa Toronto akaniletea kipeperushi cha kisukari, maneno 1,800. Nikamaliza saa 4 usiku, nikalala. Kuhakiki huwa naacha mpaka baada ya sala ya Alfajiri, kwani usiku ule ule jicho husoma nilichokusudia, si nilichoandika.

Saa 9 na dakika 10 simu ikalia.

Kwetu Kikwajuni simu ya saa hiyo ni ya msiba. Kabla sijaipapasa, mama chumba cha pili keshaanza, "Innalillahi! Nani, mwanangu?" Jirani kasikia, kagonga mlango, kanga begani.

"Habari ya asubuhi," akasema yule mama wa Toronto kwa Kiingereza cha upole. Kwao ndiyo kwanza saa 2 za usiku. "Umeandika saa hii. Nikasema, huyu kweli mchapakazi."

Nikafungua tangazo. Kiingereza kinasema 3:00 a.m. Saa 3 ya Kiswahili nimeihamisha ilivyo, na programu imeona 3 na 3, ikaridhika. Palipo sahihi ilinipigia kelele, palipoharibika ikanipongeza.

Nikamwomba radhi na saa 6 zaidi. Akacheka, akakubali. Huku nyuma jirani kashakaa mkekani.

"Kafa nani?"

"Hakuna aliyekufa, bibi. Nimekosea saa."

"Wewe? Si ndiyo kazi yako hiyo?"

Mama akateleka chai, maana watu wameshaamka. Mie nikafungua ile programu, nikafuta 3, nikaandika 9:00 a.m.

Ikawaka nyekundu.