Ile ndoo ya sabuni: maelezo kutoka kwa mhusika mwenyewe

Najua mmeshaiona ile status. Shosti wangu, ambaye mimi namhifadhia jina ingawa yeye langu hakulihifadhi, ameandika kwamba nimepigana na Mangi kisa sabuni ya unga. Sijapigana na mtu. Nilikuwa napiga hesabu, na hesabu yenyewe ilikuwa sahihi. Hilo kwanza lieleweke.

Tuko Tandika, jana jioni, foleni imefika barazani. Shosti kakumbatia ndoo ya kilo 5, shilingi 22,500, ananiambia eti mzigo mkubwa siku zote ndio nafuu. Mimi nikatazama zile pakiti zinazoning'inia juu ya kaunta. Gramu 500, shilingi 2,000. Sabuni ile ile, kiwanda kile kile.

Kwa wanaokimbiaga hesabu, hapa hata simu huhitaji. Jiulize tu pakiti ngapi zinaijaza ndoo. Kilo 5 ni gramu 5,000, kwa hiyo pakiti kumi. Kumi mara elfu mbili ni elfu ishirini. Ndoo imezidi kwa 2,500. Nikasema, "Shosti, rudisha hiyo ndoo." Kosa ni kwamba nina sauti ya kuitia watoto kutoka uwanjani, foleni nzima ikageuka.

Mama mmoja nyuma yangu akaninyooshea pakiti nyingine, ya kampuni tofauti, shilingi 1,900. "Na hii mwanangu? Si ndiyo rahisi zaidi?" Nikaigeuza. Kwa mbele zinalingana kabisa, ila nyuma, kwa maandishi ya kutafuta na tochi, ni gramu 450. Hapo ujanja wa kuhesabu pakiti hauendi, maana 450 haiingii sawasawa kwenye 5,000. Unachukua bei, unagawa kwa gramu, unazidisha kwa mia moja, unapata bei ya kila gramu 100. Ya 1,900 inakuja kama 422. Ya 2,000 ni 400 kamili. Ndoo ni 450. Pakiti yenye bei ndogo kuliko mwenzake kumbe ni ghali kuliko mwenzake. Mama akashika kifua.

Mangi naye hakukasirika, alieleza kistaarabu kabisa. Mteja wa pakiti anakuja na noti mkononi, akiambiwa 2,150 anaondoka zake. Kwa hiyo bei ya pakiti inabanwa ikae kwenye namba ya mkato, na mambo yakiwa magumu kiwandani kinachopungua ni gramu, bei inabaki pale pale. (Ndiyo maana hesabu ya mwaka jana usiitumie leo. Soma gramu upya.) Ndoo haibanwi na noti ya mtu, na plastiki yake unailipia wewe.

Kisha akanitega. "Sasa dada, hiyo ndoo tupu unaitupa? Hapo jirani inauzwa elfu tatu." Foleni ikaguna. Kweli, ukitoa 3,000 inabaki 19,500, sawa na 390 kwa kila gramu 100, na ndoo inaishinda pakiti. Nikamjibu kwamba hiyo elfu tatu inatoka kwenye hesabu kama nilikuwa nakwenda kununua ndoo kweli. Kwangu zipo nne, moja naikalia. Ya tano kwangu thamani yake ni sifuri, tena inanila nafasi. Halafu kilo 5 kwa mtu anayeishi peke yake Dar es Salaam, na unyevu huu, ukisahau mfuniko sabuni inashikana mabonge nusu yake hujaigusa.

Watu walishangilia, jamani. Hapo ndipo mtu mwenye akili angechukua pakiti zake akaenda nyumbani.

Mimi nikauliza, "Halafu hizo kilo 5 ni pamoja na ndoo au bila ndoo?"

Sikuwa na haja ya kuuliza. Ubavuni imeandikwa uzito halisi, na maana yake ni sabuni yenyewe, chombo hakimo. Kuhakiki nako ni rahisi: pima iliyojaa, toa uzito wa ndoo tupu kama hiyo. Mangi akaipeleka kwenye mizani ya mama wa dagaa, kibanda cha pembeni. Ikasoma kilo 5.4. Ndoo tupu, gramu 400. Sabuni imetimia, hakuna aliyeibiwa, kesi imefungwa.

Nikasema niishushe mwenyewe.

Sasa nisikilizeni taratibu. Mkono wa ndoo zile ni waya ulioingizwa kwenye vitundu viwili vya plastiki pembeni. Ndoo nzito unaibeba kwa kuikumbatia chini. Mimi niliishika mkono, kwa mkono mmoja, huku nimeigeukia foleni nikiendelea kufundisha. Nikasikia *tak*. Upande mmoja umechomoka. Ndoo haikuanguka, afadhali ingeanguka. Ililala ubavu, ikining'inia kwenye ule upande uliobaki, polepole, kama mzee anayejinyoosha kitandani. Nikaona mfuniko unaanza kuachia pembeni. Nikawaza, mfuniko huu unabana vizuri. Haukubana. Sabuni ikaanza kushuka kwa mstari mwembamba, kisha mstari ukanenepa, na chini yake kulikuwa na sinia la dagaa. Wale dagaa wananitazama wote. Mimi bado mdomo uko wazi, neno la mwisho lililotoka ni "uzito halisi". Vumbi la buluu likapanda, likanijaa puani, nikapiga chafya, na chafya ikamalizia kuitikisa ndoo.

Kimya. Kisha kijana mmoja mwenye nia njema akamwagia dagaa maji ya ndoo nzima ili kuwaosha.

Povu, ndugu zangu. Sinia lilifura mpaka likaficha mizani. Video ya shosti inaanzia hapo, ndiyo maana mnaona kama nagombana. Nilikuwa natafuta pa kushika.

Yaliyofuata ni mafupi. Mama wa dagaa alitaja elfu kumi na mbili, sikuomba apunguze. Mangi hakutaja kitu, alinyoosha kiganja tu. Nikageuka nichukue angalau pakiti mbili za kuficha aibu: zimeisha. Yule mama wa nyuma kabeba kumi, waliobaki wamegawana zingine, na kila mmoja ananishukuru anapopita. "Ubarikiwe mwanangu, umetufungua macho." Shosti naye kachukua tatu.

Nimefika nyumbani nimeipima iliyosalia. Kilo 3. Kwa hiyo, kwa nyie mnaoniuliza kwenye komenti kama kweli pakiti ni nafuu kuliko ndoo, hesabu ni hii: ndoo 22,500, dagaa 12,000, jumla 34,500. Gawa kwa gramu 3,000, zidisha mia moja, ni shilingi 1,150 kwa kila gramu 100. Mangi kanitumia ujumbe asubuhi kunikumbusha nitoe thamani ya ndoo. Nimemwambia haina mkono, siwezi kutoa elfu tatu yote. Tumekubaliana 1,500. Inakuja 1,100.