Si kila mtu ataguswa

"Zuhura akirudi nyuma, wapenzi wa zamani hurudi." Wanajimu makini hawalisemi hivyo kwa kila mtu. Wanachoangalia ni kwamba sayari ya Zuhura, akionekana kurudi nyuma kwa siku 40 hivi, hupita sehemu ileile ya anga mara tatu: akienda, akirudi, kisha akienda tena. Kwa hiyo jambo lililoanza mara ya kwanza hutafsiriwa kuwa litajadiliwa upya. Mwaka 2026 atageuka tarehe 3 Oktoba akiwa digrii 8 za nyota ya Nge, arudi hadi digrii 22 za nyota ya Mizani katikati ya Novemba. Aliyezaliwa Zuhura akiwa digrii 2 za Nge ataguswa Septemba, Oktoba na Desemba. Mwenye Zuhura digrii 20 za Nge kipindi hicho hakimgusi hivyo, na mnajimu mzuri atamwambia wazi. Hata anayeguswa haahidiwi mtu. Huenda yakarudi mawazo tu, au deni la zamani, maana Zuhura ni sayari ya fedha pia. Na tuwe wakweli: wa zamani hupiga simu mwaka mzima, ila wa Oktoba ndiye tutakayemkumbuka. Kuna aliyeandika tarehe zake kabla, si baada?