Anafaa kwa Kazi Gani, Daktari?

Kuna sentensi moja inayozunguka kwenye vyeti vya afya kama wimbo wa taifa: "Nimempima aliyetajwa hapo juu, hana ugonjwa wowote, anafaa kwa kazi." Mhuri, sahihi, kwisha. Hana ugonjwa wowote! Ini, figo, ubongo na mifupa yote vimekaguliwa kwa dakika kumi, kwa stethoskopu na kijiti cha mkojo. Hongera.

Cheti hakiwezi kusema zaidi ya kilichoandikwa kwenye faili. Tuchukue mfano. Kijana wa miaka 34 anaomba kazi ya ghala: kubeba maboksi mazito na kupanda ngazi ndefu. Daktari ameandika kwa haraka: mapigo 76, presha 152/94, jicho la kulia 6/6, la kushoto 6/18, kifua safi, moyo, sauti za kawaida, mkojo hauna sukari wala protini. Chini yake: "anafaa". Faili linapelekwa kwa anayechapa vyeti, naye anajaza ile sentensi.

Soma tena mistari hiyo ukiwa na maboksi kichwani. Mgongo uko wapi? Magoti je? Nani alimwambia asimame akohoe ili ngiri ionekane? Hakuna. Na hapa ndipo uchapaji unapogeuka uongo: mahali palipo wazi kwenye faili panasomwa kana kwamba pameandikwa "kawaida". Kutopima si kukuta salama. Anayeandaa cheti akikuta pengo linalohusu kazi yenyewe, arudishe faili kwa daktari, asilizibe kwa kalamu yake. Kuinama, kuchuchumaa na kuinuka bila kushika kitu, kukohoa akiwa amesimama: mambo ya dakika chache tu.

Halafu jicho. 6/18 maana yake herufi ambazo jicho zima huzisoma kutoka mita 18, hili linazitaka mita 6. Hapo daktari anampa kadi yenye tundu dogo achungulie ubao kwa jicho hilo. Akifika 6/9, tatizo kubwa ni la miwani. Asiposogea hata mstari mmoja, huenda kuna jambo kwenye lenzi, retina au mshipa wa fahamu, na anastahili kuonwa na mtaalamu wa macho kabla hajapewa ngazi. Tuseme kijana wetu amefika 6/9. Basi boksi la chini anaweza kulibeba leo, ila ngazi isubiri miwani, kwa sababu jicho moja likiwa na ukungu ni vigumu zaidi kukadiria umbali wa kidato.

Presha nayo huharibiwa kwa njia mbili: wengine huifumbia macho, wengine humtangaza mtu mgonjwa kwa kipimo kimoja. Labda alipanda ngazi mbio, labda alikuwa akiongea, labda kibofu kimejaa au mkanda wa kipimo ulikuwa mdogo kwa mkono wake. Akae dakika 5 kimya, mgongo umeegemea, miguu sakafuni, mkono usawa wa moyo. Apimwe mara mbili, dakika moja au mbili katikati. Ikishuka hadi 138/86, faili litunze namba zote na apangiwe siku ya kurudi. Kwenye cheti hazina kazi: mwajiri hakuuliza presha, ameuliza kama mtu anaweza kufanya kazi.

Haya, nakubali, foleni ni ndefu na fomu nyingi zina mstari mmoja tu wa maoni. Lakini mstari mmoja unatosha. Tuseme mgongo, magoti na ngiri vimekaguliwa, hakuna kasoro. Cheti kiseme hivi:

"Nimemchunguza leo kwa ajili ya kazi ya ghala. Katika uchunguzi huu sikuona kizuizi cha kubeba mizigo. Asifanye kazi juu ya ngazi mpaka apate miwani na uoni wake upimwe tena."

Ona kilichomo: kazi imetajwa, mpaka wa uchunguzi umewekwa, sharti linatekelezeka. "Sikuona" ni kauli ambayo daktari anaweza kuitetea. "Hana" ataitetea kwa kipimo gani? Hata hilo neno pendwa "kazi nyepesi" halimsaidii msimamizi wa ghala, kwa kuwa hajui kama kilo 5 ni nyepesi au 20.

Vyeti vya afya vya shule ni ndugu wa hivi. Mtoto mwenye pumu anafaa kusoma na kucheza, mradi dawa yake ya kuvuta iwe karibu naye, si kabatini kwa mwalimu aliyeondoka na ufunguo.

Na tarehe, jamani. Aliyepimwa Jumatatu akachukua cheti Ijumaa aandikiwe zote mbili, ya kupimwa na ya kutolewa. Akianguka Alhamisi, mtu atauliza daktari aliona nini, na aliona lini.