Kata fimbo kwanza, PL/AE baadaye

Nimetoka kusahihisha rundo la majibu ya swali linalouliza fimbo yenye vipande vya unene na madini tofauti inarefuka kiasi gani ikiwekewa mizigo, na nimeudhika. Fomula ilikuwa sahihi, vizio sahihi, hesabu ya kujumlisha sahihi, halafu jibu bovu. Kosa ni lile lile la kila mwaka: mtu anaona mshale wa mzigo kwenye mchoro, anauchukua kama ulivyo na kuutia kwenye PL/AE ya kipande cha jirani, yaani kani P mara urefu L, gawanya kwa eneo la mkato A mara moduli ya Young E, ambayo ndiyo fomula ya kiasi kipande kinachorefuka. Ile P si mshale uliochorwa! Ni kani inayopita ndani ya kipande, na hutaijua mpaka uikate fimbo kimawazo.

Chukua fimbo iliyoshikwa ukutani upande wa kushoto, A. Kutoka A hadi B ni feleji, urefu 600 mm, eneo la mkato 500 mm², moduli ya Young 200 GPa. Kutoka B hadi ncha huru D ni alumini, urefu 700 mm, eneo 400 mm², moduli 70 GPa. Pale B kuna mzigo wa 64 kN kwenda kulia. Katikati ya alumini, C, kuna 40 kN kwenda kushoto. Pale D kuna 16 kN kwenda kulia.

Anza ncha huru, maana huko huhitaji hata kujua ukuta unashika kwa nguvu gani. Kata popote kati ya C na D, tazama kilichobaki kulia: mzigo ni 16 kN tu, kwa hiyo kipande kinavutwa kwa 16. Kata kati ya B na C: 16 toa 40, unapata −24, yaani hapo alumini inabanwa. Kata kwenye feleji: 16 toa 40 jumlisha 64, inavutwa kwa 40. Angalia kwamba hakuna mahali ambapo kani ya ndani ni 64.

Sasa ndiyo fomula iingie. AE ya feleji ni 100,000 kN, ya alumini ni 28,000 kN.

```
AB:  40 × 600 / 100000 = +0.24 mm
BC: -24 × 350 / 28000  = -0.30 mm
CD:  16 × 350 / 28000  = +0.20 mm
Jumla                  = +0.14 mm
```

Aliyetumia mishale ya mchoro alipata 0.384 toa 0.5 jumlisha 0.2, yaani 0.084 mm. Hili ndilo linaloniuma. Jibu hilo ni dogo, ni chanya, halina dalili yoyote ya ubovu, na mwenye nalo anafunga daftari akiwa na amani. Mwingine aliona alumini ni moja basi akaihesabu kama kipande kimoja chenye 16 kN, akapata 0.64 mm. Alumini haikubadilika pale C, ni kweli, lakini kani imebadilika. Kipande kipya kinaanza popote eneo, madini au mzigo unapobadilika.

Nakubali, kama mzigo ni mmoja na uko kwenye ncha huru, mshale na kani ya ndani ni kitu kimoja. Ndiyo mfano tunaoanza nao darasani, na nadhani ndio unaowaharibu.

Na ukitaka kujihakiki, usirudie hesabu ile ile. Weka mzigo mmoja mmoja, kila mmoja ukirefusha au kufupisha kila kitu kati yake na ukuta. Zile 16 kN peke yake zinatoa 0.496, zile 40 zinatoa −0.74, zile 64 zinatoa 0.384. Jumla ni 0.14 tena. Njia hii inafaa mradi madini hayajavuka kikomo cha unyumbufu, na hapa tuko salama: mkazo mkubwa kuliko yote ni 80 MPa, kwenye feleji.

Jumla yenyewe pia inaficha mambo. B imesogea kulia 0.24 mm, lakini C imerudi kushoto 0.06 mm, kuelekea ukutani, huku D ikienda kulia. Aliyeulizwa kuhusu C akajibu kwa jumla amekosa hata mwelekeo.

Wanaosema tofauti ya sehemu ndogo za milimita haina maana, waweke ukuta wa pili unaogusa D kabla mizigo haijawekwa. Kila 1 kN ya ukuta huo inaifupisha fimbo 0.031 mm, kwa hiyo kuzuia 0.14 kunahitaji kama 4.5 kN. Mwenye 0.084 ataandika 2.7 kN, na kani ya kila kipande atakayoitoa hapo itakuwa na kosa hilo ndani yake.